Rangi ya Choo cha Mama Mkwe

Ugonjwa uliomuua mama mkwe wangu ulijionyesha mahali patatu: machoni, kwenye ngozi, na chooni. Na mimi, mume wa binti yake, sikuruhusiwa kutazama hata mahali pamoja kati ya hapo. Kwetu Wajaluo mkwe wa kiume hamkazii macho mama wa mke wake. Hampi mkono. Hali chakula mbele yake, halali katika nyumba yake, na akimkuta njiani anasogea pembeni mama apite. Nguo ya mama mkwe ikiteleza begani, mkwe anageuka aangalie miti. Sasa wewe niambie, mtu wa namna hiyo atamuulizaje mama huyo habari za choo?

Mimi ni klinikal ofisa. Watu huniita daktari na sijawahi kujisumbua kuwasahihisha. Wakati huo nilikuwa na kituo kidogo cha afya nje kidogo ya Awendo, pale malori ya miwa yanapopita kutwa yakimwaga mabua barabarani. Nilikuwa na muuguzi mmoja, mtu wa maabara wa kuja siku tatu kwa wiki, na foleni isiyoisha. Nilikuwa mzuri wa kazi yangu. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu hadithi hii haina maana kama ningekuwa mjinga.

Mama mkwe aliishi upande wa Asumbi, peke yake, katika nyumba ya mabati aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imeharibika, akitembea ni kwa fimbo, na choo cha shimo kilikuwa mbali chini ya shamba. Kwa hiyo ndani ya nyumba alikuwa na ndoo yenye kifuniko. Mke wangu alikwenda kila Ijumaa baada ya kazi, akarudi Jumapili jioni. Kazi yake ya kwanza alipofika ilikuwa kumwaga ndoo ile na kuisugua. Haya mambo ya ndoo nilikuja kuyajua baadaye. Mwanamume haelezwi ndoo ya mama mkwe wake.

Jumapili moja mke wangu alirudi na kusema, "Mama anajikuna."

"Anajikuna wapi?"

"Kila mahali. Amejikuna mpaka mikono ina vidonda."

Nilimwambia amlete kituoni. Aliniangalia kana kwamba nimetukana. "Nimlete kwako? Avue nguo kwenye chumba chako, muuguzi wako amwone, kesho soko zima la Awendo lijue mama yangu ana upele? Yawa!" Basi. Hapo nilipaswa kugonga meza. Nilipaswa kusema apelekwe kokote, Rongo, Homa Bay, kwa mtu yeyote asiye mkwe wake. Badala yake nikafanya ujanja wangu. Nilichukua daftari la shule, la kurasa thelathini na mbili, nikaandika maswali ili mke wangu aende amuulize mama, aniletee majibu. Nikajiona mwerevu kweli. Nitamtibu mama mkwe bila kumwona, heshima ibaki palepale, ugonjwa uondoke.

Maswali yalikuwa saba, na nayakumbuka yote. Mwasho ulianza lini? Kuna vipele vilivyotangulia, au ni alama za kucha tu? Viganja na nyayo vinawasha? Kuna jirani au mgeni mwingine anayejikuna? Macho yamegeuka manjano? Mkojo una rangi gani? Choo kina rangi gani?

Tazama vizuri lile swali la mwisho. Niliuliza. Watu wakinisema leo kule kwa wakwe, na wananisema sana, huwa nataka kusimama nipige kelele kwamba niliuliza.

Jumapili iliyofuata daftari lilirudi. Mwandiko wa mke wangu ni mzuri, alifundisha nasari miaka mingi, herufi zake huketi kwenye mstari. Mwasho: wiki mbili. Vipele: hakuna, alama za kucha tu. Viganja na nyayo: ndiyo, sana. Jirani: hakuna. Macho: ya mzee tu. Mkojo: kawaida. Choo: kawaida.

Nilikaa na daftari lile mezani nikikuna kichwa. Mwasho usio na vipele, unaokaa mpaka kwenye viganja na nyayo, na hakuna mwingine anayejikuna, haukunikalia vizuri kama upele wa kuambukiza. Huo hupenda katikati ya vidole na kwenye mikunjo, na hukimbia kutoka mtu hadi mtu. Lakini mama aliishi peke yake, angemwambukiza nani? Na hapo chini palikuwa pameandikwa kawaida, kawaida. Kama mkojo ni wa kawaida na choo ni cha kawaida, ini nililiondoa kwenye hesabu. Nikampa mke wangu dawa nyeupe ya kupaka mwili mzima na tembe za kupunguza mwasho, nikaandika maagizo kwa herufi kubwa.

Wiki ya nne mama alikuwa bado anajikuna. Sasa mke wangu alisema anajikuna kwa gunzi la mahindi, mgongoni, kwa sababu kucha hazifiki. Nikarudisha daftari. Safari hii maswali yalikuwa mawili tu, rangi ya mkojo na rangi ya choo, na nikayapigia mstari chini mara mbili. Nilimwambia mke wangu kwa mdomo pia, tukiwa jikoni, yeye akikoroga uji: "Nataka rangi. Usiniandikie kawaida. Niandikie rangi."

Jumapili akarudi. Aliandika: mkojo, manjano. Choo, kahawia.

Kahawia! Alinipa rangi niliyotaka. Nami nilimwamini, kwani nisipomwamini yeye nimwamini nani? Huyu ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tisa. Nilibadilisha tembe, nikaongeza mafuta ya kulainisha ngozi, nikasema huenda ni ngozi ya uzee iliyokauka. Nikamwambia vilevile ampeleke hospitali akapimwe damu, popote atakapotaka. Akajibu kwamba nyonga imemshika mama vibaya, itakapopoa watakwenda. Wiki zikapita, mara mvua, mara mkutano wa kanisa, mara nyonga tena. Kule kijijini watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba ni chira, kwamba kuna mwiko ulivunjwa katika boma lile. Mimi nilicheka habari hizo za chira, mtu wa sayansi mimi.

Wiki ya nane, Jumanne asubuhi, simu ikalia nikiwa na mgonjwa. Mke wangu alikuwa ameitwa na jirani wa mama tangu alfajiri. "Mama anatetemeka. Anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Ana joto kama jiko." Nikamwambia akodi gari sasa hivi, ampeleke Homa Bay, mimi nakuja. Nilimwacha yule mgonjwa na muuguzi, nikaondoka na koti langu jeupe mwilini, sikukumbuka hata kulivua.

Nilipofika hospitalini walikuwa wameshampa kitanda wodi ya wanawake. Nilisimama mlangoni. Muuguzi wa zamu, mama mmoja Mkuria kutoka upande wa mpakani, mnene, mchangamfu, aliona koti langu akanichukua kuwa mwenzake. Akanijia na chombo cha choo cha wagonjwa, kimefunikwa karatasi.

"Daktari, hii choo ya huyo mama umeiona?"

Akafunua. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama choo cha mama mkwe wangu.

Kilikuwa cheupe cha kijivu. Ule udongo wanaouchimba wafinyanzi wa vyungu pembeni ya mito, kabla haujachomwa, ndiyo rangi yake. Hakukuwa na kahawia hata chembe. Katika chupa pembeni ya kitanda mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokaa sana. Sikuhitaji kipimo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angelijua.

Niligeuka nikamtazama mke wangu. Alikuwa amesimama pembeni ya kitanda ameshika kanga ya mama yake. Alikiona chombo, alikiona vizuri kabisa, na uso wake haukubadilika. Hakushtuka. Mtu anayeona kitu cha ajabu kwa mara ya kwanza anashtuka, hata akijikaza vipi. Nilijua pale pale kwamba alikuwa amekizoea.

"Imekuwa hivi tangu lini?" akauliza muuguzi.

Mke wangu akanitazama, kisha akatazama chini. "Tangu mwanzo. Mwezi wa kwanza wa kujikuna."

"Wiki nane?"

"Mama alisema labda ni odowa," akasema mke wangu. Odowa ni yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni kwa mafungu, wanawake wetu huyatafuna hasa wakiwa na mimba, na wengine huzeeka nayo. "Anakula odowa tangu usichana. Tukasema mtu akila udongo, atatoa udongo."

Muuguzi hakucheka. Nami nilikuwa nimeshatoka nje.

Mke wangu alinifuata kwenye kibaraza kile chenye benchi la saruji. Nilimgeukia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake. "Uliniandikia kahawia!"

"Punguza sauti."

"Nimekuuliza mara mbili. Nimepiga mistari. Ukaniandikia kahawia kwa mkono wako!"

"Baba, watu wanatuangalia."

Waangalie! Nilikuwa nimepofushwa na hasira. Nikaokota kijiti, nikainama nikaanza kuchora kwenye vumbi kama mwendawazimu aliyevaa koti jeupe. Hili ni ini, nikamwambia. Ini linatengeneza nyongo kila siku, na katika nyongo linatupa rangi ya manjano inayotokana na damu iliyozeeka. Hapa kuna mrija, mwembamba tu, unaoteremsha nyongo hadi kwenye utumbo. Ile rangi ikifika utumboni inageuzwa na vijidudu vya huko, inakuwa kahawia. Hiyo ndiyo rangi ya choo cha kila mtu, chako, changu, cha waziri. Choo kikiwa cheupe hivi siku baada ya siku, maana yake nyongo haifiki. Mrija umezibwa. Na kama haiteremki inakwenda wapi? Inarudi nyuma! Inaingia kwenye damu. Rangi inatafuta mlango mwingine, inatokea kwenye mkojo, mkojo unakuwa mweusi. Inakaa machoni, macho yanakuwa manjano. Na chumvi za nyongo na uchafu mwingine uliopaswa kuondoka nayo unabaki mwilini, na ngozi inawasha mahali ambapo hapana hata kipele kimoja. Hakuna dawa ya kupaka itakayomaliza huo mwasho, kwa sababu ugonjwa hauko kwenye ngozi. Odowa inaweza kupausha choo kidogo. Haiwezi kumfanya mtu ajikune kwa gunzi, wala haiwezi kutia mkojo weusi. Vitu vitatu pamoja! Vitatu! Mtoto angeviona!

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameukazia macho mchoro wangu. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Haya yote hukuniambia. Uliniandikia tu, choo kina rangi gani."

Nilifuta mchoro kwa kiatu.

Mchana ule walimpiga picha ya mawimbi tumboni. Mrija wa nyongo ulikuwa umevimba, umepanuka mara mbili ya kawaida, na chini yake kabisa, karibu na utumbo, palikuwa na jiwe. Jiwe moja. Nilimshukuru Mungu kidogo, kwa maana nilikuwa nimeogopa uvimbe wa kongosho, ambao huziba mrija uleule na kwa rika lake ningeweza kuutarajia. Jiwe linaondolewa. Lingeondolewa wiki ya pili, akiwa na nguvu zake, akarudi nyumbani kupanda mtama. Lakini nyongo iliyosimama huoza, na sasa vijidudu vilikuwa vimeingia ndani yake, vikapanda kwenye ini na kwenye damu. Ndilo lile tetemeko.

Kulikuwa na jambo la pili. Muuguzi alipomchoma sindano ya kutoa damu, tundu lilikataa kuziba. Pamba ililowa, akaweka nyingine, ikalowa. Nyongo ndiyo inayousaidia utumbo kufyonza mafuta, na vitamini fulani za kugandisha damu husafiri ndani ya mafuta hayo. Wiki nane bila nyongo, na damu ya mama ilikuwa imesahau kuganda. Daktari wa upasuaji, kijana mpole, akanieleza kama mtu anayemweleza mwenzake: hawezi kumpasua leo, atavuja damu mpaka afe mezani. Kumpeleka mbali kwa mashine ya kuingia kwa mdomo na kulitoa jiwe, presha yake haitastahimili barabara. Atampa vitamini kwa mshipa, plazma ikipatikana, viuavijasumu vikali, na wangoje damu yake irudi. Siku moja, labda mbili. Nikaitikia kwa kichwa. Ningesema vivyo hivyo kama ningekuwa yeye.

Jumatano dawa zilimwinua. Joto likashuka, akaomba uji, akanywa nusu kikombe. Mke wangu akatoka kuninong'oneza, bila kuniangalia, kwamba mama ananiita.

Niliingia nikasimama upande wa pili wa pazia lile la kijani linalozunguka kitanda. Mguu wangu ulikataa kwenda zaidi, na yeye pia hakuniambia niende. Nilimsikia akijikuna. Kru, kru, kru, taratibu, ule mkwaruzo wa mtu aliyechoka kujikuna lakini hawezi kuacha.

"Ora," akaniita. Ndivyo mama mkwe anavyomwita mume wa binti yake.

"Naam, Mama."

"Zile habari nilizokutumia. Ulizipata?"

"Habari gani, Mama?"

Mkwaruzo ukakoma. "Za ndoo. Nilimwambia binti yangu, huyu mume wako ni daktari, aibu yangu nimeiweka kando. Mwambie choo changu kimekuwa cheupe. Nilimwambia mara mbili. Nilisema, tena umwambie na mkojo."



"Ulipotuma ile dawa ya kupaka," akaendelea, "nikasema basi, ameshajua, ndiyo dawa yake. Nikapaka. Ilipokataa, nikasema anajua anachofanya. Nikasema, mbona haji hata kusimama uani anisalimie? Nikafikiri, labda ameambiwa ni ugonjwa mbaya na ameamua kunyamaza. Nilikasirika nawe, ora. Nilijua unajua."

Wiki sita mwanamke yule alikuwa amejipaka dawa yangu ya upele akiamini kwamba ninajua yote. Wiki hizo zote alijiona ameachwa na daktari wake mwenyewe. Na ile odowa, kumbe yeye aliisema siku ya kwanza tu, kwa kubahatisha. Baada ya hapo aliagiza niambiwe.

Nilimwambia, "Sikuambiwa, Mama." Ni maneno mawili tu, na yalikuwa kweli. Lakini nilipoyasema nilijua nimemchomea binti yake mbele ya mama yake, na huenda mama huyo ana saa chache tu. Sikuyarudisha. Nilitaka ajue si mimi.

Nyuma ya pazia akasema, "Haya," basi. Akaanza tena kujikuna.

Alhamisi asubuhi joto lilirudi na presha ikaanguka. Mkojo ukakatika. Daktari akasema damu yake inakaribia kuganda vizuri, wangempeleka chumba cha upasuaji saa nane mchana. Saa tano na nusu muuguzi yule Mkuria akatoka, akavua glavu, akanishika mkono.

Tulimzika juma lililofuata. Nilikaa na wakwe wengine kwenye viti tulivyopangiwa, mbali na nyumba, nikala nilichopewa. Nilisikia nikisemwa. "Daktari mzima ndani ya familia." "Alikuwa anampa mafuta ya kupaka, unaweza kuamini?" Nilimtafuta mke wangu kwa macho katikati ya wanawake. Alisikia pia. Angeweza kusimama aseme neno moja. Aliendelea kupanga sahani. Jamani, kuna kusalitiwa mtu akiwa hayupo, na kuna kusalitiwa mbele ya sahani za watu mia mbili. Siku ile nilionja yote mawili.

Tuliporudi Awendo nilingoja. Nilimpa siku za kulia. Halafu alasiri moja, amekaa sebuleni akikunja nguo za mama alizogawiwa, nikakaa mbele yake nikamuuliza. Sikupandisha sauti.

"Mama alikuagiza uniambie. Mara mbili. Kwa nini?"

Aliendelea kukunja. Nikafikiri atasema ni aibu, ni mila, binti hawezi kumpelekea mumewe maneno ya choo cha mamake. Nilikuwa na majibu yangu tayari kwa hayo. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

"Unamkumbuka mwalimu mkuu mstaafu?" akaniuliza. "Yule wa bawasiri?"

Nilimkumbuka. Nani angemsahau?

"Ulikuja nyumbani, ndugu zako wamejaa mezani hapa. Ukawasimulia. Ukasimama, ukavuta suruali, ukatembea vile alivyokuwa akitembea. Ukaiga sauti yake akikueleza damu ya choo kwa Kiingereza cha shule. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Mimi pia nilicheka. Mwezi uliofuata nikakutana na huyo mzee kanisani, akanipa mkono kwa heshima, akasema mume wangu ni daktari mzuri sana. Nilishindwa kumtazama usoni."

"Sikutaja jina lake," nikasema.

"Hukutaja. Lakini kila mtu mezani alimjua." Akaweka nguo chini. "Na yule mama wa sokoni wa minyoo. Na kijana wa kiwandani. Kila wiki una mtu. Niliposhika kalamu niandike choo cha mama yangu cheupe, nikakuona umesimama hapo. Nikaona mkono wako unavyomwiga. Nikaandika kawaida. Nilisema, dawa zako zitampata tu, hata bila rangi. Sikujua rangi ndiyo ugonjwa."

"Yule alikuwa mama yako! Ulifikiri ningemcheka mama mkwe wangu?"

"Ungemponya kwanza," akasema. "Najua. Halafu, baada ya mwaka, ukishapata bia mbili, ungemsimulia."

Nilifungua mdomo kukataa. Nikajaribu kwa dhati kutafuta mgonjwa mmoja, mmoja tu, ambaye nilijua siri yake ya kuchekesha na sikuwahi kuileta kwenye meza ile. Niliwapitia wote kichwani. Mke wangu alingoja, kisha akarudi kukunja nguo.

Bado tunaishi pamoja. Bado nina uchungu naye, sitaki mtu anidanganye kwamba umekwisha. Siku zingine namtazama akiandika orodha ya sokoni kwa ule mwandiko wake uliotulia na kifua kinanipanda. Naye, najua, akinisikia nikicheka na watu barazani hunyamaza huko jikoni asikie ni nani ninayemcheka.

Kurasa hizi nilimpa azisome kabla ya mtu mwingine. Alisoma zote akiwa amesimama dirishani. Palikuwa na sehemu moja, pale pa gunzi la mahindi, nilipoeleza jinsi mama alivyokuwa akijipinda, na nadhani niliipamba kidogo. Aliiwekea kidole.

"Hapa unachekesha," akasema. "Toa."

Nikatoa.